Mfuko umepanda 8%, dashibodi yangu inasema 2.4% na hapohapo −5.95%. Nimwamini nani?

Kipepeo88 (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Naomba mnitoe tongotongo, maana usiku wa jana nimelala na kikokotoo kifuani.

Nina mfuko mmoja tu, ule unaofuata faharasa ya hisa na kuuzwa sokoni kama hisa ya kawaida. Gawio haligawiwi, linabaki humohumo ndani. Tarehe 1 Januari 2025 nilikuwa na 1,000,000. Mpaka jioni ya tarehe 30 Juni ikawa 1,200,000. Nikajiona fundi, nikaweka nyingine 2,000,000 tarehe 1 Julai. Nusu ya pili soko likageuka, na tarehe 31 Desemba nimefunga mwaka na 2,880,000. Sijatoa hata senti.

Ukurasa wa mfuko wenyewe unasema mwaka 2025 wamepata +8%. Dashibodi ninayotumia kufuatilia ina vibonye viwili. Nikibonya TWR, yaani mapato yanayopimwa kwa muda, naona +2.4%. Nikibonya MWR, yaani mapato yanayopimwa kwa pesa, naona −5.95%. Mfuko ni mmoja, mwaka ni mmoja, namba tatu. Kuna mtu ananila hapa au mimi ndiye sijui kusoma?

---

Jasiri_Mtupu

Mkuu, wala usihangaike. Umeweka jumla 3,000,000, umebaki na 2,880,000. Hasara 120,000. Gawanya kwa 3,000,000, ni −4%. Basi. Hizo TWR ni mapambo ya wauza mifuko ili wakuoneshe +8% wakati mfukoni umepungukiwa. Anayekuambia umepata faida wakati pesa zimepungua, mkimbie.

---

Nyuki wa Asubuhi

Ninavyoelewa mimi, TWR inaangalia muda, yaani pesa iliyokaa muda mrefu inahesabiwa zaidi kuliko iliyokuja juzi. Milioni yako ya Januari imekaa mwaka mzima, ndiyo maana inakupandishia. Ile ya Julai haijakomaa. Subiri mwakani zitalingana.

---

Mama Mizania

Nimefanya kazi ya kupima matokeo ya mifuko kwa miaka mingi, ngoja niweke kiti.

Nyuki, jina limekuponza, na si wewe peke yako. TWR haijali kabisa pesa imekaa muda gani wala ni kiasi gani. Kinachofanyika ni kuukata mwaka vipande kila pesa inapoingia au kutoka, kupima kila kipande peke yake, kisha kuvizidisha. Pesa iwe elfu moja au milioni mia, kipande kina uzito uleule. Anayeangalia ni kiasi gani kilikuwepo na kwa muda gani ni yule mwenzake, MWR. Kwa hiyo maelezo yako ni mazuri, ila umeyabandika kwenye mlango wa jirani.

Kipepeo, mwanangu, tuhesabu za kwako. Nusu ya kwanza: 1,000,000 imekuwa 1,200,000, yaani mara 1.20. Tarehe 1 Julai ukaongeza, ukaanza nusu ya pili na 3,200,000. Ukamaliza na 2,880,000, yaani mara 0.90. Zidisha 1.20 kwa 0.90 upate 1.08. Hiyo ndiyo +8% ya ukurasa wa mfuko. Haijakutapeli.

Kama kuzidisha hakukuingii, fikiria vipande vya mfuko, vile unavyonunua. Tuseme Januari bei ya kipande ilikuwa 1.00, ukawa navyo 1,000,000. Juni bei ikafika 1.20. Kwa 2,000,000 yako ukanunua vipande 1,666,667, ukawa na jumla 2,666,667. Desemba bei ni 1.08, na ukizidisha unapata 2,880,000 yako ileile. TWR ni safari ya bei ya kipande kutoka 1.00 hadi 1.08. Wewe kununua vipande vingi au vichache hakubadilishi bei. Ndiyo maana mfuko unatangaza hiyo: meneja hakukuita uweke pesa Julai, kwa hiyo Julai yako haiwezi kumshusha wala kumpandisha.

Sasa MWR. Milioni moja ilifanya kazi mwaka mzima, milioni mbili zilifanya kazi nusu mwaka. Nusu ya mbili ni moja. Kwa wastani ulikuwa na 2,000,000 kazini. Umepoteza 120,000. Ni −6%. Njia hii ya mkono inaitwa ya Dietz, na imekaribia kabisa −5.95% ya dashibodi.

Lakini ile +2.4% sijui imetoka wapi. Kwa namba ulizotoa haiwezi kupatikana. Kuna kitu hujatuambia, au kuna kitu dashibodi inakosea.

---

Jasiri_Mtupu

Mama shikamoo. Sawa, lakini hujanijibu. Mtu kapoteza 120,000. +8% inamsaidia nini?

---

Mama Mizania

Marahaba. Umesema kweli nusu. Kwa swali la "nimepata au nimekosa", +8% haina jibu, na mtu asikubembeleze nayo. Ila hata −4% yako ina kasoro: umegawanya kana kwamba zile milioni mbili zilikuwepo tangu Januari. Angeziweka tarehe 30 Desemba ungegawanya kwa 3,000,000 vilevile, wakati zingekuwa zimefanya kazi siku moja tu.

Tazama hasara yenyewe ilipotoka. Milioni ya kwanza ilikwenda mpaka 1,080,000, imeleta +80,000. Milioni mbili za Julai zilishuka kwa asilimia kumi, zimeleta −200,000. Jumlisha: −120,000. Mfuko uleule, ila pesa nyingi ilikuwepo kipindi kibaya na kidogo ilikuwepo kipindi kizuri. Tofauti ya +8 na −5.95 yote ni hiyo. Meneja anapimwa kwa ya kwanza. Ya pili inampima meneja pamoja na tarehe za Kipepeo, zimefungwa kifurushi kimoja.

---

Kipepeo88

Aisee. Yaani nimejichapa mwenyewe.

Nimeijaribu kwenye Excel kwa fomula ya XIRR, inayopiga MWR kwa tarehe za miamala, nione kama −5.95 ni ya kweli:

```
A1: 2025-01-01   B1: -1000000
A2: 2025-07-01   B2: -2000000
A3: 2025-12-31   B3:  2880000

=XIRR(B1:B3, A1:A3)
```

Imetoa −5.95% vilevile. Kwa hiyo MWR iko sawa. Imebaki hiyo 2.4%.

---

Baharia wa Nchi Kavu

Mimi nipo mfuko huohuo, ila mwaka wangu umekuwa wa asali. Nilianza na 2,000,000, Juni ikafika 2,400,000. Tarehe 1 Julai nikachomoa 1,400,000 kwa shida zangu, nikabakiza 1,000,000. Desemba nina 900,000. XIRR inanipa 22.6%! Kipepeo, tatizo lako ni kukosa jicho la soko. Nifuate PM nikufundishe wakati wa kutoka.

Swali dogo tu: faida yangu halisi ni 300,000, na nilianza na 2,000,000. Hiyo si 15%? 22.6 imetoka wapi?

---

Mama Mizania

Baharia, umeandika mwenyewe kwamba ulitoa kwa shida zako. Shida ndiyo iliyokuwa na jicho la soko.

22.6 ni halali. Ulipotoa 1,400,000 katikati ya mwaka, nusu ya mwaka hazikuwepo, kwa hiyo toa 700,000 kwenye mtaji wako. Kwa wastani 1,300,000 ndizo zilizofanya kazi na zikaleta 300,000. Hiyo ni kama 23%. XIRR inasema 22.6 kwa sababu inahesabu kwa riba ya kujilimbikiza, na mkono unahesabu kwa mstari ulionyooka. Kwa Kipepeo tofauti ilikuwa ndogo sana, kwako imeonekana. Pesa iliyotembea ikiwa kubwa kulinganisha na salio, hesabu ya mkono inaanza kuyumba.

Na wote wawili TWR yenu ni +8%. Mmoja ana −5.95, mwingine +22.6, mfuko ni mmoja. Ukitaka kumlinganisha meneja huyu na mwingine, namba zenu za MWR hazina kazi. Ndiyo maana kanuni za GIPS, ambazo makampuni ya uwekezaji hufuata kutangaza matokeo, kwa kawaida zinadai TWR, na zinaruhusu MWR pale ambapo meneja mwenyewe ndiye mwenye mamlaka ya kuamua pesa iingie au itoke lini, kama kwenye mifuko ya kununua kampuni binafsi.

---

Fundi Koda

Nimechelewa kuuona uzi. Nimewahi kuandika programu za aina hii, na hiyo 2.4% nahisi naijua. Kipepeo, niletee vitu viwili: thamani ya akaunti jioni ya tarehe 30 Juni na jioni ya tarehe 1 Julai. Na uniambie ulinunua saa ngapi.

---

Kipepeo88

30 Juni jioni: 1,200,000.
1 Julai jioni: 3,104,000.
Nilinunua asubuhi soko lilipofungua, kwa bei ileile iliyofungia jana yake. Siku hiyo soko lilianguka, na mfuko ulishuka 3% kabla ya jioni. Yaani nilinunua asubuhi, mchana nikajuta.

---

Fundi Koda

Tumempata.

Tarehe 1 Julai kuna mambo mawili ndani ya siku moja: pesa imeingia na bei imeshuka. Dashibodi nyingi haziangalii saa. Zina thamani ya jioni ya jana, thamani ya jioni ya leo, na mstari mmoja unaosema "leo imeingia 2,000,000". Sasa lazima ichague: pesa iliingia kabla soko halijafungua, au baada ya kufunga? Angalia matokeo:

```python
jana = 1_200_000
weka = 2_000_000
leo  = 3_104_000

print(leo / (jana + weka) - 1)   # mwanzo wa siku
print((leo - weka) / jana - 1)   # mwisho wa siku
```

Ya kwanza inatoa −3%. Ya pili inatoa −8%.

Siku hiyo umepoteza 96,000. Ukiihesabu juu ya 3,200,000 zilizokuwa sokoni kweli, ni 3%, sawa na mfuko ulivyoshuka. Dashibodi yako imeichukua hasara ya milioni 3.2 na kuibebesha milioni 1.2 ya jana peke yake. Ikawa 8%.

Na kwa kuwa TWR inazidisha, kosa la siku moja linabaki humo mwaka mzima. Kuanzia jioni ya 1 Julai mpaka Desemba ulitoka 3,104,000 hadi 2,880,000, mara 0.9278. Zidisha 1.20 kwa 0.92 kwa 0.9278. Utapata 1.024. Hiyo ndiyo 2.4% yako.

---

Kipepeo88

Mkuu hapa nimesimama. Siku moja imekula asilimia tano na nusu za mwaka?

---

Fundi Koda

Siku moja ambayo uliweka pesa karibu mara mbili ya salio, na ambayo soko liliruka. Ungeweka 20,000 usingeona kitu. Ungeweka 2,000,000 siku ambayo bei haikusogea, pia usingeona kitu. Vinahitajika vyote viwili pamoja.

---

Mama Mizania

Kwa kweli dalili ilikuwepo tangu mwanzo nikaipita. MWR ilikuwa sahihi, kwa hiyo kiasi na tarehe viliingizwa vizuri. Kama ungekuwa umesahau muamala au umeandika mwezi usio wake, zote mbili zingeharibika. MWR ikiwa salama huku TWR imeharibika, tafuta thamani au mpangilio wa siku ya muamala, usitafute miamala. Kwa MWR asubuhi au jioni ya siku moja ni kama hakuna, maana pesa ilikaa karibu siku 183 na moja kati yake haina uzito. Kwa TWR siku hiyo ni kipande kizima kinachozidishwa.

---

Nyuki wa Asubuhi

Kwa hiyo ukiwa na mfuko mmoja tu si unaangalia bei yake na kuachana na dashibodi?

---

Mama Mizania

Ndiyo, na ndivyo tulivyomkamata. Bahati ya Kipepeo ni kwamba ana kitu kimoja, na bei yake inatangazwa. Angekuwa na vitu kumi na viwili asingekuwa na +8% ya kulinganisha, angeamini 2.4 na kulala.

Hata vipande vinathibitisha. Kama angenunua jioni kwa bei iliyoshuka, ya 1.164, pesa yake isingeguswa na anguko la siku hiyo. Jioni angekuwa na 1,164,000 za vipande vya zamani na 2,000,000 mpya, jumla 3,164,000. Yeye alikuwa na 3,104,000. Zile 60,000 zilizopungua ni 3% ya milioni mbili, yaani pesa mpya ilikuwepo soko lilipoanguka.

---

Jasiri_Mtupu

Sasa Fundi, kwa nini waandike programu ya kukosea? Si waweke "mwanzo wa siku" wamalize?

---

Fundi Koda

Kwa sababu hiyo nayo ina siku yake mbaya. Chukua mtu anayetoa salio lote. Jana alikuwa na 500,000, leo kauza jioni na kutoa zote. "Mwanzo wa siku" inasema ameanza siku na 500,000 toa 500,000, yaani sifuri, halafu tugawanye kwa sifuri. Programu inaanguka au inaandika takataka. Akitoa karibu zote, salio la kugawanyia linabaki dogo mno na siku hiyo inasoma +900% au kitu cha namna hiyo.

Mimi nilikuwa naweka hivi: pesa inayoingia ihesabiwe mwanzo wa siku, inayotoka ihesabiwe mwisho wa siku. Si kamilifu, ila haivunjiki ovyo. Wengine wanahesabu katikati. Kwa Kipepeo katikati ingetoa −4.4% kwa siku ile, na mwaka ungesoma +6.5%. Bado si 8.

---

Mama Mizania

Hapo mimi na wewe hatukubaliani, Fundi. Kuwa na kanuni moja kwa kuingia na nyingine kwa kutoka kunapendeza mpaka mtu aweke na kutoa siku ileile, au ahamishe kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Ofisini tulikuwa na kanuni moja iliyoandikwa, na muamala ukizidi kiwango fulani tunapata thamani ya wakati ule hasa. Muamala mkubwa haukisiwi.

---

Fundi Koda

Ofisini mlikuwa na mtu wa kuwapigia simu mpate thamani ya saa nne asubuhi, mama. Programu ya simu inapata bei ya kufunga, kwisha. Ningekuwa na bei ya saa ya muamala nisingehitaji kanuni yoyote.

---

Mama Mizania

Hilo nakupa. Lakini basi waandike pale pembeni ya namba wanatumia kanuni gani. Kipepeo kakaa usiku mzima kwa sababu ya sentensi moja iliyokosekana.

---

Zulia Jekundu

Mimi ni mgeni jukwaani. Nimeweka pesa miezi miwili iliyopita, imepanda 5%. XIRR inaniambia 34%. Nimetajirika?

---

Fundi Koda

Hapana. XIRR hupanua kila kitu kuwa cha mwaka mzima. Imechukua 5% ya miezi miwili, ikaijilimbikiza mara sita. Umepata 5%. Kwa kipindi cha chini ya mwaka usiiweke XIRR pembeni ya TWR, utakuwa unalinganisha safari iliyokwisha na safari ya kufikirika.

Na tukiwa hapohapo: mkiona XIRR ya Excel inatoa 0.00% wakati mnajua mmepata hasara, panueni desimali. Mkikuta 2.98E-09, hilo si jibu, imeshindwa kupata jibu ikaandika hivyo. Ipeni namba ya kuanzia iliyo hasi, mfano `=XIRR(B1:B3, A1:A3, -0.1)`.

---

Baharia wa Nchi Kavu

Nina jambo. Mfuko wangu wa pili unanilipa gawio benki kila robo mwaka. Dashibodi imeyaandika kama "kutoa". Si wananipunguzia faida?

---

Mama Mizania

Wakiyaandika kama kutoa wako sawa, ilimradi akaunti unayoipima ni ile ya uwekezaji na benki iko nje yake. Gawio limetoka, kwa hiyo hesabu inalirudisha kama faida uliyokwisha kuichukua. Tatizo linakuja pale gawio linaposhuka kwenye thamani na halijaandikwa popote. Hapo mfuko unaonekana umeanguka siku ya gawio bila sababu. Nyingine ni gawio linalobaki ndani na kununua vipande vipya. Wengine huliandika kama "kuweka". Hapo wanakula faida yako waziwazi, maana pesa uliyoizalisha inahesabiwa kama pesa uliyoileta.

Fungua grafu ya siku hadi siku na utafute siku zilizoruka peke yake. Ukikuta mruko mkubwa siku ileile ya muamala, halafu soko lenyewe siku hiyo halikufanya hivyo, umepata kosa.

---

Jasiri_Mtupu

Haya, sijakataa tena TWR. Ila kama ningekuwa na dashibodi yangu, ile kubwa ya juu ingekuwa MWR. Mtu anaishi na pesa yake, haishi na bei ya kipande.

---

Mama Mizania

Kanada wanakubaliana nawe. Kanuni zao zinazoitwa CRM2 zinataka taarifa ya mwaka ya mteja ioneshe MWR, ile ya pesa. Mimi naona ya juu iwe ileile mtu anayoweza kuifanyia uamuzi. Anayekatwa kiasi kilekile kila mwezi hakuchagua tarehe, na MWR yake ikiwa mbaya hakuna la kujifunza humo zaidi ya kwamba soko lilianguka baadaye. Kipepeo yeye alichagua.

---

Kipepeo88

Nilichagua, tena kwa mbwembwe. Niliona +20% nikadhani inaendelea.

Mrejesho: nimejaribu kitu. Nimehariri muamala kwenye dashibodi nikausogeza kutoka 1 Julai kwenda 30 Juni, ili "mwisho wa siku" yao iangukie kabla ya anguko. TWR imeruka kutoka 2.4% hadi 8.0%. MWR imetoka −5.95% hadi −5.94%.

---

Fundi Koda

Ushahidi umetimia. Siku moja nyuma, TWR imesogea zaidi ya asilimia tano, MWR imesogea nukta ya mia.

---

Mama Mizania

Sasa irudishe tarehe 1 Julai, mwanangu. Taarifa ya benki inasema 1 Julai. Mwakani ukilinganisha miamala na karatasi utakuta tarehe haipo na hutakumbuka kwa nini.

---

Fundi Koda

Mimi ningeiacha na kuandika maelezo pembeni. Namba anayoiona kila siku ni bora iwe sahihi.

---

Kipepeo88

Nimeirudisha 1 Julai kwa sasa, nimemsikiliza mama. Nimewaandikia wenye programu na hesabu ya Fundi nzima. Wamejibu kwamba "mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa". Nimewauliza kama watanipa kibonye cha kuchagua mwanzo au mwisho wa siku. Mpaka naandika hapa kimya. Wakijibu nitarudi.

---

Baharia wa Nchi Kavu

Kipepeo, na ile PM yangu ya wakati wa kutoka sokoni, puuza.